Mwanangu Aliambiwa Achezeshe Mdomo Tu

Jumapili iliyopita mwanangu wa miaka minane alisimama na kwaya ya watoto akaimba ubeti wa kwanza mzima bila kuchomoka kwenye tyuni. Nilijikaza nisilie, nikashindwa.

Miezi mitatu nyuma alikuwa amegoma. "Baba, sauti yangu mbovu." Mtu mzima mmoja alishamwambia awe anachezesha mdomo tu. Nami niliambiwa hivyo hivyo nikiwa darasa la tatu, na hadi leo nikikumbuka naona aibu.

Nilianza vibaya. Mimi ni besi, nikamtolea noti yangu nikasema nifuate. Akajichimbia chini hadi akawa ananguruma. Kumbe alikuwa ananitii! Noti ileile kwangu iko oktava nzima chini ya koo lake. Nikamwita dada yake wa miaka kumi na moja awe ndiye anayetoa sauti, mambo yakabadilika siku hiyohiyo.

Kosa la pili ni lile neno "juu". Kila nikisema "panda juu" alipiga kelele, maana kwake sauti ya juu ni sauti kubwa. Nikaacha kusema, nikawa naupandisha mkono taratibu.

Sasa ninachofanya. Simpi noti, yeye ndiye anaanza. Anafumba midomo, meno yasigusane, anavuma "mmm" polepole pale pale anapoongelea. Kwake ilikuwa karibu na Do ya katikati ya kinanda. Dada anaifuata noti hiyo, wanavuma pamoja. Kwa mara ya kwanza mtoto anasikia sauti yake na ya mwenzake zimekuwa moja. Kisha dada anapanda nusu hatua tu, naye anateleza kumfuata kama king'ora kinachopanda, bila kukata pumzi. Sauti mbili zikikaribiana bila kukutana, husikika mtikisiko, wa-wa-wa. Kadiri zinavyosogeleana mtikisiko unapungua kasi, zikikutana unapotea. Mwanangu aliupenda huo mchezo kuliko kuimba kwenyewe. Akipitiliza, namwambia arudi akitelezea, asiruke. Kuruka ndiko kunakompoteza.

Avume kwa sauti ndogo. Akivuma kwa nguvu anajisikia mwenyewe tu. Tena kiganja kimoja kizibe sikio, lingine libaki wazi kwa mwenzake. Dakika tano zinatosha. Zikizidi anachoka, anaanza kubahatisha.

Ilichukua wiki mbili kufika Fa. Kutoka kwenye "mmm" kwenda kwenye maneno alipotea tena, tukawa tunafungua mdomo katikati ya mvumo: "mmmaaa". Wazazi wenzangu, msiruke hapo. Na kama mtoto hafuati hata king'ora, kwamba kinapanda au kinashuka, mpelekeni akapimwe masikio kabla hamjamlaumu.

Jumapili, kwenye ubeti wa pili, alichomoka. Nikamwona anaweka kiganja sikioni, anafumba midomo, anateleza, anarudi.