Masalio yasiyoonana: maswali yenu kuhusu taarifa za benki

Shikamoo. Afisa mikopo amenirudishia taarifa zangu za benki. Ya Machi inaishia 4,860,000, ya Aprili inaanza 5,214,500. Nimetafuta muamala wa 354,500 sijauona. Kuna mtu anachezea akaunti yangu? (Muuza vitenge, Kariakoo)

Marahaba. Kabla ya kumshuku mtu, soma tarehe zilizo juu ya taarifa. Picha ulizonitumia zinaonyesha uliomba Machi 1 hadi 30, kisha Aprili 1 hadi 30. Machi ina siku 31, kwa hiyo siku moja nzima imeanguka katikati.

Nilikuomba uchukue taarifa ya siku hiyo peke yake, na imeleta mistari mitatu: mteja ameweka 600,000, wewe umetoa 240,000, benki imekata 5,500. Anza na 4,860,000, jumlisha ya kwanza, toa mbili zilizobaki, utafika 5,214,500 kamili. Ndiyo maana hukuiona 354,500. Tofauti kati ya masalio ni mabaki ya yote yaliyopita kwenye pengo, na mara chache huwa muamala mmoja. Wengi hupoteza mchana mzima wakisaka namba ambayo haipo popote.

Mpelekee afisa taarifa moja ya Machi 1 hadi Aprili 30. Usimpe kipande cha siku moja kikiwa kimebanwa pembeni, atakuuliza maswali mengine.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Miezi yote 12 masalio yanaungana, mwisho wa mmoja ndio mwanzo wa mwingine. Nifunge faili? (Temeke)

Bado. Umekagua viungo, hujakagua ndani. Ukurasa ukipotea katikati ya mwezi, salio la kuanzia na la mwisho hubaki palepale, maana moja liko ukurasa wa kwanza na jingine wa mwisho.

Kwa kila mwezi, chukua salio la kuanzia, ongeza yaliyoingia, toa yaliyotoka. Tuseme Julai imeanza na 2,100,000, mistari uliyonayo ina maingizo ya 3,400,000 na matoleo ya 2,950,000. Ungetegemea 2,550,000. Taarifa ikisema 2,390,000, kwenye mistari usiyoiona matoleo yamezidi maingizo kwa 160,000. Jumlisha mistari kwa mkono wako. Usichukue jumla iliyochapwa chini na benki, kwa sababu ile imeshahesabu na ukurasa uliopotea.

Kujua ulipokatika, linganisha salio la mstari wa mwisho wa kila ukurasa na mstari wa kwanza wa ukurasa unaofuata, baada ya kuhesabu muamala wa mstari huo. Na tazama namba za kurasa. Ukurasa ambao maingizo na matoleo yake yanalingana hautaonekana kwenye hesabu yoyote, ila namba itaruka kutoka 2 kwenda 4.

Kaka, nipe fomula tu, nina akaunti nyingi. (Sinza)

Katika Excel, kila mwezi mstari mmoja, kuanzia mstari wa 2: B salio la kuanzia, C maingizo, D matoleo, E salio la mwisho. Fomula ya kwanza iandike F3, ya pili G2, kisha zivute chini.

```
=ROUND(B3-E2,2)
=ROUND(B2+C2-D2-E2,2)
```

Zote zinapaswa kutoa 0. Ya kwanza inakagua kiungo, ya pili inakagua ndani. Usichanganye akaunti ya shilingi na ya dola kwenye karatasi moja.

Mei inaishia 1,730,000, Juni inaanza 1,655,000. Lakini sioni siku iliyopotea, Mei nilichukua mpaka 31. (Fundi magari, Tegeta)

Na Juni uliianza lini? Tazama juu: Mei 31. Siku hiyo iko kwenye taarifa zote mbili, na 1,655,000 ni salio la jioni ya Mei 30. Utaona namba zilezile za kumbukumbu za miamala zimejirudia. Futa zile za taarifa ya pili, anza Juni na 1,730,000. Ukiacha zilivyo, mauzo ya siku hiyo yatahesabiwa mara mbili.

Tofauti yangu ni 1,600,000 na tarehe ziko sawa kabisa. Nifanye nini? (Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mbagala)

Gawanya kwa mbili, utapata 800,000. Mwezi ulioisha una salio la 800,000 lenye herufi DR pembeni, yaani umechukua zaidi ya ulichokuwa nacho, na sasa benki ndiyo inayokudai. Mahali pamoja umeandika -800,000, mahali pengine ukasahau alama ya kutoa. Kila tofauti inayolingana na salio mara mbili, angalia alama kwanza.