Mtu akisema "futeni yote": kumfuta mtumiaji hadi vekta zake kwenye pgvector

Hapa Dodoma tunaendesha huduma ya ushauri kwa wakulima wa zabibu. Mkulima anatuma ujumbe kwa simu, anauliza kuhusu ubwiri unga au muda wa kupogoa, na mfumo unamjibu ukizingatia aliyowahi kusema. Ndiyo maana unatunza kumbukumbu fupi fupi juu yake: "Ana ekari mbili Mpunguzi", "Anadaiwa na SACCOS, atalipa baada ya mavuno", "Mume anaumwa, shamba analihudumia peke yake". Kila sentensi ya namna hii inahifadhiwa kama maandishi, na pamoja nayo inahifadhiwa vekta, yaani orodha ya namba 768 zinazobeba maana yake. Swali jipya likija, nalo linageuzwa kuwa vekta, kisha mfumo unatafuta kumbukumbu zilizo karibu nalo.

Siku moja mama mmoja alipiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaeleza kwamba alimwazima mkwewe simu, kijana akauliza mambo ya mbolea, na jibu likataja deni la SACCOS. "Mwanangu, deni hilo sijamwambia mtu yeyote nyumbani. Futeni yote, kisibaki kitu." Nikamjibu, "Nimekuelewa mama, tutafuta." Naandika haya kwa wenzangu wanaotunza mifumo kama huu, kwa sababu ahadi ile haikamiliki kwa amri moja ya DELETE, na sehemu ambayo haikamiliki huwezi kuiona ukiwa umekaa upande wa mtumiaji.

Wapo wanaoniambia vekta si siri, ni namba tu, nani atazisoma? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha njia ya kurudisha maandishi kutoka kwenye vekta. Kwa vipande vifupi vya Kiingereza, vya tokeni 32, yaani maneno au vipande vya maneno, walirudisha asilimia 92 neno kwa neno. Kumbukumbu za mifumo yetu ni fupi vilevile. Kwa hiyo mimi naitunza vekta ya "anadaiwa na SACCOS" kwa uangalifu uleule ninaoitunzia sentensi yenyewe. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mhusika haki ya kudai taarifa zake zifutwe.

Tuanze na kujua kilicho chake kiko wapi. Ujumbe aliotuma na kumbukumbu zilizotolewa humo ni rahisi, vina namba yake ya utambulisho. Kazi ipo kwenye muhtasari wa kikundi. Mfumo wetu hutengeneza muhtasari wa kila AMCOS kutokana na kumbukumbu za wanachama, na nao una vekta yake. Ukiandikwa kwamba "wanachama wengi wamechelewa kupogoa, mmoja ana deni na mgonjwa nyumbani", kijijini hapo kila mtu anajua ni nani. Jina halimo, namba ya simu haimo, na ukitafuta kwa utambulisho wa mama yule huupati.

Dawa yake ni jedwali dogo linaloandika kila kumbukumbu imetokana na nani. Sisi tunaliita `vyanzo`. Muhtasari uliotokana na watu kumi na wawili una safu kumi na mbili humo. Jedwali hili linajazwa siku kumbukumbu inapozaliwa, kwani baadaye hakuna njia ya kuaminika ya kukisia nani alichangia sentensi gani. Ukiwa nalo, na jedwali la ujumbe pamoja na `vyanzo` yakiwa na `ON DELETE CASCADE`, yaani kinachotegemewa kikifutwa safu zake nazo zinafutwa, kufuta kunakuwa hivi:

```sql
BEGIN;
SELECT 1 FROM watumiaji WHERE id = 5512 FOR UPDATE;
DELETE FROM kumbukumbu k
 USING vyanzo v
 WHERE v.kumbukumbu_id = k.id
   AND v.mtumiaji_id = 5512;
DELETE FROM watumiaji WHERE id = 5512;
COMMIT;
```

Mpangilio huo una sababu. Mstari wa SELECT unaishika safu ya mtumiaji, ili kumbukumbu yake mpya isiandikwe katikati ya kufuta. Ukianza kumfuta mtumiaji, na jedwali la `vyanzo` limefungwa kwake kwa `ON DELETE CASCADE`, ushahidi wa nani alichangia unapotea kwanza na muhtasari unabaki bila mwenyewe. Muhtasari uliofutwa unatengenezwa upya kwa kumbukumbu za wanachama waliobaki. Usijaribu kuuhariri kwa kumtoa mmoja; andika mwingine kabisa.

Sasa tuje kwenye faharasa ya vekta, na hapa naomba tuende taratibu.

Unapotumia pgvector, nyongeza ya hifadhidata ya PostgreSQL ya kutunza vekta, na faharasa ya HNSW, inayounganisha kila vekta na majirani zake, vekta ya kumbukumbu moja ipo mahali pawili: nakala moja jedwalini, nyingine nzima ndani ya faharasa. Ukifanya DELETE na COMMIT, utafutaji hautairudisha tena, kwa sababu PostgreSQL inaangalia kama safu bado ni hai kabla ya kuitoa. Lakini kwenye diski nakala zote mbili bado zipo. Zinasubiri VACUUM, usafi wa PostgreSQL unaoondoa safu zilizokufa. VACUUM ikipita kwenye faharasa ya HNSW, inaunganisha upya majirani wa nukta iliyofutwa ili utafutaji usivunjike, kisha inaandika sifuri juu ya vekta yenyewe. Hapo ndipo vekta imekufa kweli.

Swali ni lini VACUUM itapita. Autovacuum, yaani VACUUM inayojiendesha yenyewe, kwa mipangilio ya kawaida husubiri safu zilizokufa zizidi 50 pamoja na asilimia 20 ya safu zote. Chukua jedwali la kumbukumbu 300,000: inasubiri zaidi ya safu 60,050 zilizokufa. Mtu mmoja mwenye kumbukumbu 180 haisogezi hesabu hiyo popote. Anaweza kufutwa leo na vekta zake zikakaa ndani ya faharasa miezi.

"Basi nitaendesha VACUUM kwa mkono." Vizuri, ila bado kuna kizingiti cha pili ambacho wengi hawakijui. Tangu toleo la 14, PostgreSQL ikiona kwamba kurasa za jedwali zenye safu zilizokufa ni chini ya asilimia 2, inaweza kusafisha jedwali na kuziruka faharasa, kwa kuona kwamba kazi hiyo hailipi. Kwa mfano wetu, tuseme kila ukurasa unabeba safu 20. Kumbukumbu 300,000 ni kurasa 15,000, na asilimia 2 ni kurasa 300. Kumbukumbu 180 za mama, hata kama kila moja ipo kwenye ukurasa wake, haziifikii 300. VACUUM itamaliza bila kosa lolote, na nakala zilizo ndani ya HNSW hazitaguswa. Kwa hiyo ilazimishe:

```sql
VACUUM (VERBOSE, INDEX_CLEANUP ON) kumbukumbu;
```

Usiache neno `VERBOSE`, maana ripoti yake ndiyo ushahidi wako. Ukiona `index scan bypassed`, faharasa imerukwa. Unachotaka kukiona ni `index scan needed`, na kwenye mstari huohuo idadi ya `dead item identifiers removed` isipungue safu ulizofuta. Angalia pia mstari unaosema `dead but not yet removable`. Ukiwa na namba kubwa kuliko sifuri, mara nyingi ni kwamba kuna muamala wa zamani uliosahaulika wazi mahali fulani, pengine ripoti ya mtu aliyeacha kompyuta akaenda kula, na PostgreSQL inalinda safu hizo kwa ajili yake. Funga muamala ule, rudia amri.

Kwenye faharasa kubwa kazi hii ni nzito. Wenye pgvector wenyewe wanashauri kuijenga upya kwanza kwa `REINDEX INDEX CONCURRENTLY`, kisha VACUUM. Faharasa mpya inajengwa kwa safu zilizo hai tu, na faili la zamani linaondolewa. Sisi tunayakusanya maombi na kuyafanyia usafi huo usiku.

Kuna mpaka wa haya. Upande wa jedwali, VACUUM inaachia nafasi itumike tena, haiandiki sifuri, hivyo baiti za zamani zinaweza kubaki mpaka data nyingine izifunike. `VACUUM FULL` inaandika jedwali zima upya pamoja na faharasa zake, lakini inalifunga jedwali kwa muda wote huo, na kujenga HNSW si kazi ya dakika moja. Kwa taarifa za afya na madeni naona usumbufu huo unastahili, tukiwatangazia watumiaji kwamba huduma itasimama.

Jambo jingine linalofufua waliofutwa ni foleni. Ujumbe wa mama ulishaingia kwenye foleni ya kugeuzwa vekta. Mfanyakazi wa nyuma, yaani programu inayoihudumia foleni hiyo, ameusoma, anasubiri modeli imjibu. Wewe unafuta. Sekunde tatu baadaye anaandika vekta mpya, na mama amerudi. Kuweka sharti la "angalia kama mtumiaji bado yupo" ndani ya msimbo hakutoshi, kwani kufuta kunaweza kutokea katikati ya kuangalia na kuandika. Iachie hifadhidata: safu ya `vyanzo` iwe na ufunguo wa kigeni kwenda `watumiaji`, na kumbukumbu iandikwe pamoja na vyanzo vyake katika muamala mmoja. Mtumiaji akiwa hayupo, muamala wote unakataliwa. Kwenye logi utaona kosa la `foreign key constraint`. Mfundishe mfanyakazi kuutupa ujumbe huo badala ya kuujaribu tena. Mama akijiunga upya kwa simu ileile anapata namba mpya ya utambulisho, hivyo kazi za zamani haziwezi kumdandia.

Logi pia zikaguliwe. Kama mnaandika maswali yote yanayotumwa kwa modeli, kumbukumbu zake zimo humo kama maandishi matupu. Sisi tuliamua logi zibebe namba za kumbukumbu tu.

Imebaki bekapu. Kuingia ndani ya bekapu na kumtoa mtu mmoja hakuwezekani kwa njia ya maana. Kinachowezekana ni bekapu kuwa na umri unaojulikana. Zetu zinaishi siku 30, pamoja na mafaili ya WAL, ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko. Nje ya hifadhidata tunatunza orodha ya namba za waliofutwa na tarehe, bila jina wala simu. Seva ikifa na tukarejesha bekapu ya wiki iliyopita, orodha hiyo inapitishwa, VACUUM inalazimishwa, na ndipo huduma inafunguliwa kwa wakulima. Namba ikitimiza siku 30 bekapu zote zenye taarifa zake zimekwisha, nayo inatoka kwenye orodha.

Mama nilimpigia baada ya kusoma ripoti ya VACUUM. Nikamwambia kwamba kwenye huduma hakuna tena chochote chake, kwamba kuna nakala za dharura ambazo hazisomwi na mtu, na tarehe zitakapokwisha. Aliuliza kama mkwewe akituma ujumbe tena atajibiwa nini. Nikamwambia atajibiwa kama mgeni, ataulizwa yuko kijiji gani na ana ekari ngapi.