Pembesita ya kroshia: hesabu kila upande peke yake

Wengi wetu tulianza kroshia kwa vipande vya mraba vya vitambaa vya makochi, na mazoea ya mraba ndiyo yanayotuponza tukifika kwenye pembesita. Kwenye mraba uliojaa nilizoea kuweka nguzo 4 katika kila kona. Nilipofanya vivyo hivyo kwenye kona 6, nikawa naongeza nguzo 24 kila mzunguko, na kufikia mzunguko wa tatu kipande kilikuwa na mawimbi kama ukingo wa gauni. Pembesita inayolala bapa huongeza nguzo 12 tu kwa mzunguko, yaani 2 kwa kila kona.

Nguzo ninayoisema hapa ni ile ndefu ya kawaida: unazungusha uzi mara moja kwenye sindano, unaingiza, unatoa kitanzi, kisha unavuta kupitia vitanzi viwili, halafu viwili tena. Anza na duara la uzi linalokazika. Fuma cheni 3, ambazo zinahesabiwa kuwa nguzo ya kwanza, kisha nguzo 1. Halafu rudia mara 5: cheni 1, nguzo 2. Kona ya sita usiifunge kwa cheni. Ifunge kwa kishono kifupi, yaani unaingiza sindano, unatoa kitanzi, kisha unavuta kupitia vitanzi vyote viwili, ndani ya cheni ya tatu ya mwanzo, ili sindano yako ibaki juu ya tundu la kona, tayari kwa mzunguko unaofuata.

Kuanzia hapo kanuni ni moja. Nguzo 1 juu ya kila nguzo, na katika kila tundu la kona nguzo 1, cheni 1, nguzo 1. Unapoanzia kwenye kona, zile cheni 3 ndizo nguzo ya upande wa pili wa kona hiyo; nguzo mwenzake utaifuma mwisho wa mzunguko, kabla ya kufunga. Kila upande utakuwa na nguzo 2, kisha 4, 6, na 8 katika mzunguko wa nne.

Sasa kosa lililonigharimu muda mwingi. Nilifuma vipande 7 kwa kitambaa cha meza ndogo, kila kimoja nguzo 48, jumla ambayo ni sahihi kabisa. Kimoja kilikataa kukaa na wenzake. Nilipohesabu upande mmoja mmoja, nikakuta mmoja una nguzo 7 na mwingine 9. Jumla ilikuwa imeficha makosa mawili.

Upande wenye 7 ulitokana na nguzo ya kwanza baada ya kona. Kichwa chake hujificha chini ya nguzo iliyoingia tunduni, hivyo ni rahisi kukiruka. Kisukume kwa kidole uone. Upande wenye 9 ulikuwa pale mzunguko unapofungwa, kwa sababu kichwa cha kishono kifupi hufanana na kichwa cha nguzo nami nilifuma juu yake. Siku hizi nahesabu kila upande kabla ya kufunga mzunguko, maana kufumua mzunguko mmoja ni dakika chache.

Hesabu kona pia. Mpira wa miguu wa zamani ulishonwa kwa vipande 20 vya pembe 6 na 12 vya pembe 5, na zile pembe 5 ndizo zinazoufanya uwe mviringo. Kipande chako kikikosa kona moja, kitambaa kitavimba hapo hapo, na maji wala pasi havitakilaza.

Kabla ya kuunganisha, chora kigezo kwenye karatasi: duara lenye nusu kipenyo sm 6, kisha pima sm 6 mara 6 kwenye mzingo wake. Hizo ndizo kona zako. Badilisha kipimo kulingana na uzi wako. Uzi wa pamba ulowanishe, ubane kona zote 6 kwa pini juu ya taulo, uache ukauke. Uzi wa akriliki unahitaji mvuke wa pasi iliyoinuliwa. Pasi ikiugusa, uzi huo unalegea na haurudi.

Vipande 7 nilivipanga safu tatu: 2, 3, 2. Kwanza shona vipande vya safu moja, kisha unganisha safu kwa mshono mmoja unaopanda na kushuka. Tumia sindano butu, upite kwenye uzi wa nyuma wa kila kichwa, 8 kwa 8, pamoja na cheni ya kona kila mwisho. Usivute uzi sana, kwani mshono uliokazwa hufupisha upande na kuinua katikati.

Pale kona tatu zinapokutana, pitisha sindano kwenye cheni zote tatu kabla ya kuendelea. Kukibaki tundu hapo, rudi ukahesabu pande zinazoingia kwenye kona hiyo. Mara nyingi utakuta mmoja una 7.