Bhastrika, vidole kukakamaa na kukosa usingizi

"Wakuu niko Ujiji, napiga bhastrika, ile pumzi ya yoga ya kuhema kwa nguvu na haraka, kila alfajiri niamshe kundalini, ile nguvu inayosemwa imelala chini ya uti wa mgongo. Vidole vinakakamaa, usiku wa tatu huu silali, mgongo unawaka. Niendelee?"

Hapana mkuu, simamisha leo. Hivyo vidole sio kundalini, ukihema kwa nguvu unatoa kabondaioksaidi nyingi kupita kiasi, mishipa ya ubongo inabana na kalsiamu huru kwenye damu inashuka, ndo maana ganzi, kizunguzungu na mikono kujikunja, ukipumua taratibu vinaisha ndani ya dakika chache. Kinachonitisha ni usingizi. Gopi Krishna wa India kundalini ilimpanda 1937 akiwa kwenye meditesheni tu, wala sio pumzi kali, na bado aliteseka miaka na joto mwilini na kukosa usingizi, sasa we unailazimisha ya nini? Maandiko ya kale ya hatha yoga yanasema pumzi ifugwe polepole kama simba, la sivyo inamuua mwenyewe.

Acha na meditesheni pia kwa sasa, kula ugali wako na migebuka ushibe, fanya kazi za mikono, kahawa weka pembeni. Usiku wa leo ukipita hujalala, au ukianza kusikia sauti au kuona umeteuliwa, nenda hospitali ya Maweni na ndugu, mwambie daktari kila kitu hadi hizo pumzi. Na kama una presha au kifafa, bhastrika usiiguse tena kabisa.