CAGR ya mapato: mwaka wa kuanzia ndio unaoamua hadithi

Ukipewa chati ya CAGR, yaani wastani wa kasi ya ukuaji kwa mwaka, inayolinganisha bidhaa kadhaa, usianze na urefu wa nguzo. Anza na miaka. CAGR huchukua namba mbili tu, ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa mwisho, kisha hutafuta kasi moja ambayo ingekutoa huku hadi kule. Yaliyotokea katikati haiyaoni. Kwa hiyo mwaka wa kuanzia ukiwa mbovu, au mzuri kupita kawaida, hesabu itakuwa sahihi lakini picha itapotosha.

Tuchukue mapato ya Apple, kwa mamilioni ya dola. Mwaka wao wa fedha huisha mwishoni mwa Septemba.

| | 2018 | 2020 | 2021 | 2024 |
|---|---|---|---|---|
| iPhone | 164,888 | 137,781 | 191,973 | 201,183 |
| Huduma | 39,748 | 53,768 | 68,425 | 96,169 |
| Vifaa vya kuvaa, vya nyumbani na vya ziada | 17,381 | 30,620 | 38,367 | 37,005 |

Weka jedwali hili kwenye Excel kuanzia seli A1, miaka ikae mstari wa 1. Kwenye G2 andika:

```
=($E2/B2)^(1/($E$1-B$1))-1
```

Buruta hadi I2, kisha shuka hadi mstari wa 4. Fomula yenyewe inaondoa mwaka wa kwanza kutoka mwaka wa mwisho, na hapo ndipo wengi huteleza wanapohesabu kwa vidole. Kutoka 2018 hadi 2024 kuna miaka saba ukiitaja, lakini hatua za ukuaji ni sita. Ukitumia saba, Huduma zinashuka kutoka asilimia 15.9 hadi 13.5 bila sababu yoyote. Miaka nayo iandikwe kama namba tupu. Ukiandika "FY2018" utapata #VALUE!.

Sasa tazama iPhone. Kuanzia 2018 inakua kwa asilimia 3.4 kwa mwaka. Kuanzia 2020, asilimia 9.9. Kuanzia 2021, asilimia 1.6. Bidhaa ni ileile na mwaka wa mwisho ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba iPhone mpya, ambayo kwa kawaida huingia sokoni Septemba, mwaka 2020 ilichelewa hadi Oktoba. Mauzo yake ya mwanzo yakahamia mwaka wa fedha wa 2021. Ndiyo maana 2020 ni kidogo na 2021 imenona. Anayetaka kuisifu iPhone ataanza 2020, anayetaka kuiponda ataanza 2021, na wote wawili watakuwa na hesabu safi.

Huduma zimetulia zaidi: asilimia 15.9, 15.6 na 12.0. Namba tatu zikikaribiana hivi, unaweza kuiamini kasi hiyo. Vifaa vya kuvaa ni kinyume chake: 13.4, kisha 4.8, kisha hasi 1.2. Hiyo 13.4 ya miaka sita inavutia, lakini ukuaji wote ulitokea kabla ya 2022 kwisha. Baada ya hapo mapato yamekuwa yakipungua. Anayetumia 13.4 kukadiria mwaka ujao anajidanganya.

Kwa hiyo chati ichorwe hivi: kila bidhaa iwe na nguzo tatu zilizosimama pamoja, moja kwa kila kipindi, na rangi ya kipindi iwe ileile kwa bidhaa zote. Mwaka wa mwisho usibadilike. Mhimili uanzie sifuri, na nguzo hasi zishuke chini yake. Kosa baya kuliko yote ni kuweka Huduma za 2018–2024 kando ya iPhone za 2021–2024, kisha kuficha miaka kwenye maandishi madogo chini. Kama bidhaa moja haina takwimu za zamani, acha pengo, usiijazie kipindi kifupi. Juu ya kila nguzo andika asilimia. Kama nafasi ipo, weka pia mapato ya mwanzo na ya mwisho, maana asilimia kubwa juu ya msingi mdogo hudanganya jicho.

Kuna mtego mmoja usioonekana kwenye chati kabisa. Katika ripoti ya 2018, Huduma za mwaka huo zilikuwa 37,190. Ripoti ya 2019 ikaandika 39,748 kwa mwaka uleule, kwa sababu thamani ya Maps, Siri na iCloud ya bure, iliyokuwa ikihesabiwa ndani ya bei ya kifaa, ilihamishiwa Huduma. Jumla ya mapato haikuguswa. iPhone ndiyo iliyopungua zaidi, kutoka 166,699. Ukichanganya 37,190 ya zamani na 96,169 ya 2024, CAGR ya Huduma inapanda hadi asilimia 17.2. Chukua mwaka wa kuanzia kutoka ripoti ya karibuni zaidi inayoutaja, na usome maelezo yaliyo chini ya jedwali la mauzo kabla ya kunakili chochote.