Kuunga ukuta mpya na wa zamani

"Naongeza chumba. Fundi anataka kutoboa ukuta wa zamani achomeke tofali za ukuta mpya. Ni sawa?"

Usikubali, mkuu. Msingi wa zamani umeshatulia, mpya bado utashuka, na tofali zilizochomekwa zinaweza kukatika. Acha nafasi wima ya milimita 10 kuanzia msingi hadi juu, renta nayo isiungwe. Funga kwa bolti reli ya chuma kisichoshika kutu kwenye ukuta wa zamani. Vishikio vyake hulazwa ndani ya mota ya kila mstari wa bloku, na huteleza juu na chini ukuta ukishuka. Jaza sponji, kisha ziba nje kwa silanti inayovutika. Lipu ikatwe hapohapo; ikifunika nafasi hiyo, itapasuka.