Mama watoto akipiga simu, nyumba nzima inanuna

"Wakuu, nina watoto wawili na mwanamke tuliyeachana miaka minne iliyopita, wanaishi kwake. Sasa hivi nina mchumba, mwakani tunafunga ndoa. Shida yangu mama watoto akipiga tu simu nyumba inanuna. Nikiongea naye vizuri naambiwa bado nampenda, nikimjibu kwa mkato yeye anawanunia watoto. Mchumba anataka nimbloku kabisa, habari za watoto zipitie kwa dada yangu. Nifanyeje?"

Kaka mi nakujibu nikiwa upande wa pili, yani mimi ndo huyo mama watoto, na hapo hapo mimi ndo mwenye mume mpya aliyekuwa hana amani. Niliachana na baba wa wanangu 2019, mkubwa akiwa na miaka sita na mdogo miwili, nikaolewa tena 2021. Mwaka wa kwanza wa hii ndoa nusura uwe wa mwisho, na wala hakukuwa na mtu anayemtamani mtu.

Kosa langu la kwanza nilikuwa nafuta meseji. Zilikuwa meseji za kawaida kabisa, mtoto anakohoa, viatu vya shule vimebana, lini unatuma hela ya basi la shule, ila nikawa nazifuta ili mume asizione akakasirika. Siku akashika simu yangu kutafuta namba ya fundi, akakuta baba watoto, ambaye anajua kabisa nilichati naye asubuhi, hana hata meseji moja. Nikaanza kujieleza na kila nilivyojieleza ndo nikawa nazidi kuzama, maana meseji ya viatu ungeisoma ingeisha, lakini meseji isiyokuwepo mtu anaijaza mwenyewe kichwani na anaijaza vibaya.

Nikaruka upande wa pili, nikawa naweka laudi kila baba watoto akipiga ili mume asikie mwenyewe. Huu nao ni ujinga usiufanye. Siku moja mume akakohoa, mzee wa upande wa pili akanyamaza, akauliza "nani yupo hapo?", akakata. Miezi miwili hakupiga na matumizi yakawa ya kukumbushwa kama deni la dukani. Na mimi kwa kweli sikumlaumu, mtu anaongea habari ya mwanae kumbe kuna kikao kinamsikiliza.

Hilo la kupitia kwa dada yako pia tulilijaribu, kwetu alikuwa mdogo wangu. Nikisema "mwambie ada mwisho tarehe 10" inafika "anasema kama huna hela sema". Halafu mtu wa kati naye anachoka, na anakuwa na siri za nyumba mbili. Kama hakuna vipigo wala vitisho sikushauri. Kama vipo ni habari nyingine, hapo ongea kupitia Ustawi wa Jamii, na akitishia nenda dawati la jinsia polisi, usimbebeshe dada yako.

Kilichobadilisha mambo ni usiku mmoja nilipoacha kujitetea nikamuuliza mume wangu swali dogo, ni kitu gani hasa kinakuuma, nitajie kimoja kimoja. Nilijua atasema simu. Akasema vitu vitatu ambavyo mimi sikuwahi kuviwaza. Cha kwanza, anapiga saa nne usiku wakati watoto wamelala, sasa anaongea na mtoto gani? Cha pili, akija kuwachukua watoto anaingia mpaka ndani anakaa sofani anaulizia maji ya kunywa. Cha tatu hela, kila mwisho wa mwezi M-Pesa yangu inalia, jina la yule linatokea kwenye skrini, na yeye anajiona kama mwanaume anayesaidiwa kutunza mke. Unaona hapo hakuna hata kimoja kinachosema "acha kuongea naye". Kwa hiyo kaka kabla hujambloku mtu muulize mchumba wako hivo hivo, na akijibu usimkatize, mi nilikatiza mara mbili ikabidi tuanze upya.

Tukashika kimoja kimoja. Simu za usiku tulizimaliza kwa kitochi. Nilinunua simu ya batani na laini yake, inakaa juu ya friji, ni ya watoto. Baba yao anapiga Jumatano na Jumapili saa moja jioni, mkubwa anapokea, anampa mdogo, mimi naendelea na mboga zangu. Mimi na baba yao tunabaki na meseji tu, za mambo manne, shule, afya, hela, na ratiba ya kuwachukua. Hapa kuna kipimo nilikuja kukigundua mwenyewe, ukiitoa habari ya mtoto kwenye meseji kinabaki nini? "Mdogo ana homa, nampeleka zahanati" ukitoa mtoto hakibaki kitu. "Mdogo anaendeleaje, na wewe je, siku hizi umenenepa nimeona statasi yako" ukitoa mtoto kinabaki kirefu, hicho ndo cha kutojibu. Sikugombana naye wala sikumtukana, nilikuwa najibu kile kipande cha mtoto tu, kingine kama sijakiona. Baada ya wiki kadhaa akaacha mwenyewe, mtu hachati na ukuta.

Kuwachukua watoto tukahamishia getini. Anapiga kitochi akiwa njiani, watoto wanatoka na mabegi. Mvua ikinyesha anasubiri kibarazani, na maji anapewa, ukarimu haujafa, ila sebule ni ya mwenye nyumba. Mwanzoni alinuna akasema nimemfanya kama bodaboda. Nikamwambia kwa upole, wewe mkeo akileta mtalaka wake akae sofani kwako utajisikiaje? Hakujibu, ila hakuingia tena.

La hela ndo lilichukua muda. Sisi tulipoachana tulipelekana Ustawi wa Jamii wilayani tukaandikishana, laki moja na nusu kila mwezi na ada juu yake, na mdogo akabaki kwangu bila mvutano kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka saba ni vyema akae na mama, labda ithibitishwe vingine. Ile karatasi ilikuwa chini ya godoro, mume wangu hajawahi kuiona! Nikampa asome. Kumbe miaka yote alidhani yule anatuma kwa hisani, yani kwa sababu ananikumbuka, na mimi napokea hisani ya mwanaume mwingine chini ya dari lake. Aliposoma kwamba ni wajibu wa mzazi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inaweka jukumu hilo hilo, akatulia kuliko alivyotulizwa na maneno yangu yote ya "we ndo mume wangu". Halafu tukaihamisha njia, ada anailipa mwenyewe kwa kontroo namba moja kwa moja shuleni ananitumia picha ya risiti, na ile laki na nusu inaingia akaunti ya benki niliyofungua ya watoto. Simu yangu ikaacha kulia jina lake. Wewe kaka ndo mtumaji, kwa hiyo kwako ni rahisi zaidi, mwonyeshe mchumba mlichokubaliana na mama watoto kabla ya harusi, kiasi na tarehe, kiingie kwenye bajeti yenu kama kodi ya nyumba. Akikikuta baada ya harusi ataona ameibiwa.

Usidhani baada ya hapo tuliishi kama malaika. Mwishoni mwa 2022 mdogo akashikwa malaria kali akalazwa. Nikampigia baba yake, akaja mbio, mume wangu naye alikuwa kazini nikasema nitamwambia akitoka nisimvuruge. Akatoka kazini kwa habari za jirani, akabeba chakula, akafika wodini akamkuta mwenzie amekaa pembeni ya kitanda ameshika mkono wa mtoto na mimi nimesinzia kwenye kiti cha pili. Picha nzuri ya familia, na yeye amesimama mlangoni na hotpoti. Siku tatu hakuongea na mimi. Kosa halikuwa baba mtu kuwepo, ile ni haki yake na mtoto alimtaka. Kosa ni kwamba mume alijua wa mwisho.

Mwaka uliofuata mkubwa akavunjika mkono shuleni. Safari hii niliandika meseji moja nikaituma kwa wote wawili neno kwa neno: "Mkubwa amevunjika mkono shuleni, tunaenda naye hospitali sasa hivi, nimewaambia wote wawili." Hicho kipande cha mwisho ndo kilichofanya kazi, kila mmoja alijua mwenzie anajua, hakuna aliyekuja kushtukizwa. Wakakutana pale mapokezi wakasalimiana, mmoja akakaa na mtoto chumba cha picha, mwingine akaenda kupanga foleni ya dawa. Hawajawa marafiki, na mi sitaki wawe, ila tangu siku hiyo wana namba za simu za kila mmoja.

Sasa kuna kitu mchumba wako asikudai na wewe usikubali, yeye kukuandikia majibu. Mume wangu alinijibia mara moja kwa simu yangu, kistaarabu tu, "hela imeingia asante". Mwenzie akajua sio mimi kwa sababu mimi huandika "ahsante" na h. Kuanzia hapo kila meseji yangu akawa anauliza "ni wewe?" kama miezi mitatu hivi. Mchumba asome akitaka, simu iwe mezani, lakini kidole kiwe chako.

Na watoto msiwafanye posta. Mwanangu mkubwa aliwahi kurudi kutoka kwa baba yake likizo ya mwezi wa sita akaniuliza, mama kwani baba mdogo anakupiga? Kumbe kule alihojiwa. Nilimwandikia baba yake mistari miwili bila hasira, ukitaka kujua hali ya nyumba yangu niulize mimi, nitakujibu. Akaniuliza kweli, nikamjibu hapana hanipigi, yakaisha.

Ila kaka kuna vitu hujasema na jibu langu linaweza kubadilika. Simu za mama watoto zinakuja saa ngapi, na zinaanza na nini? Mchumba wako ameshawahi kukaa na hao watoto wakalala kwenu hata wikiendi moja, au anawajua kwa picha tu? Na mliandikishana popote na mama yao au ni maneno ya mdomo?